Kinyume kwa komwe: mchezo wa maneno kwa mtoto wa miaka 10 mwenye disleksia

Msimu wa karafuu unapofika, nyumba nyingi za Pemba hukaa kitako usiku kuzichambua karafuu kutoka kwenye makonyo yake. Mikono inakuwa na kazi, macho hayana kazi kubwa, na midomo iko huru, kwa hiyo hadithi, vitendawili na mizaha ya maneno huchukua nafasi yake. Ni katika kikao kama hicho, nyumbani kwa dada yangu karibu na Wete, ndipo nilipoona jambo ambalo miaka yangu ya kufundisha ingepaswa kunionesha mapema zaidi. Mpwa wangu wa miaka 10, ambaye shuleni husoma kwa kuburura kila neno, alikuwa anategua vitendawili kabla ya wakubwa wake, lakini wenzake walipoanza kusemezana kwa Kinyume alinyamaza, akainama kwenye jamvi kana kwamba karafuu zimezidi ghafla.

Kinyume ni mchezo wa zamani katika visiwa hivi. Mmisionari Edward Steere, aliyeandika sarufi ya Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19, aliuona na akauwekea mifano. Kanuni yake ni moja tu: silabi ya mwisho ya neno huondolewa mwisho ikawekwa mwanzo. Kitabu huwa bukita, samaki huwa kisama, meza huwa zame. Watoto huutumia kusemezana siri mbele ya wadogo zao, na anayeuzoea huzungumza kwa kasi ya ajabu. Mpwa wangu hakuwa mvivu wala mzito wa akili. Alishindwa kwa sababu ana disleksia, ugumu wa kujifunza kusoma na kuandika usiotokana na uzito wa akili, na Kinyume kinadai kile kile ambacho hali hiyo inakifanya kiwe kigumu, yaani kulisikia neno, kulikata vipande kichwani, kuvishika vipande hivyo bila kuvidondosha, kisha kuvipanga upya.

Watu wengi wanadhani disleksia ni ugonjwa wa macho, kwamba mtoto huona herufi zimegeuka. Ni kweli kwamba mtoto mwenye disleksia anaweza kuichanganya b na d akiwa na miaka 10, umri ambao wenzake wengi wameshaacha, lakini tatizo la msingi kwa watoto walio wengi liko kwenye sauti. Kwao neno mbuzi hufika kama donge moja, na ndani ya donge hilo sauti hazina mipaka iliyo wazi. Ukimwambia aandike, anaandika anachoweza kukikamata, na mara nyingi anachokidondosha ni ile sauti ya puani iliyotangulia, ndiyo maana madaftari ya watoto hawa yamejaa buzi, dege na goma.

Kiswahili kina tabia ya kulificha tatizo hili. Irabu zetu ni tano na hazibadiliki, silabi nyingi huishia kwa irabu, na kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Kwa hiyo mtoto wa Kiswahili mwenye disleksia hatimaye hujifunza kusoma maneno kwa usahihi, tofauti na mwenzake anayeanzia Kiingereza, ambaye hukwama kwenye kila neno lisiloandikwa linavyosemwa. Kinachobaki kwa mtoto wetu ni usomaji wa polepole: anasoma silabi moja moja, anachoka katikati ya sentensi, na akifika mwisho amesahau mwanzo. Mwalimu anasikia kwamba kila silabi imesomwa, anaandika kwenye ripoti kwamba mtoto aongeze bidii, na mambo yanakwenda hivyo hadi maandishi yanapokuwa marefu.

Michezo ya maneno inayouzwa madukani haimsaidii sana mtoto wa namna hii. Mchezo unaomtaka aunde neno kutoka kwenye rundo la herufi huku mchanga wa saa unashuka unampima katika udhaifu wake mara mbili, tahajia na kasi, tena mbele ya watu. Woga nao hula nafasi ile ile ya kumbukumbu ya muda mfupi ambayo mtoto anaihitaji ili avishike vipande vya neno. Ndiyo maana ninaposema mchezo usio na shinikizo sina maana ya mchezo rahisi. Kazi ya kichwa inaweza kuwa ngumu vya kutosha, ila visiwepo saa, mshindi, wala kalamu.

Baada ya usiku ule nilichukua komwe kumi za bao la marehemu baba yangu. Komwe ni mbegu ngumu, nyepesi kushika, na kwa mtoto zina harufu ya mchezo wa wakubwa, si ya shule. Kila silabi inapewa komwe moja. Mtu mzima anasema neno polepole, mtoto analirudia na kuweka komwe moja kwa kila pigo la sauti, kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha anazigusa moja baada ya nyingine huku akizitamka. Akiridhika, anaichukua ya mwisho, anaipeleka mwanzo wa mstari, na kuzigusa tena kwa mpangilio mpya. Komwe zinambebea kumbukumbu. Silabi ya kwanza haiwezi kupotea wakati anaishughulikia ya mwisho, kwa sababu iko pale pale chini ya kidole chake.

Tulianza na maneno ya silabi mbili, nami nilitanguliza kuku, mama, kaka na dada kwa makusudi. Alihamisha komwe, akagusa, akanitazama kwa mashaka.

"Mjomba, hii mbona haigeuki?"

Nikamwambia ajaribu tena. Ilipotoka kuku kwa mara ya tatu alicheka, na kicheko hicho kilikuwa na maana yake, kwa sababu alikuwa amegundua mwenyewe kwamba silabi mbili za neno lile ni sawa, jambo ambalo asingeligundua kama neno lingebaki donge. Paka ikawa kapa, kiti ikawa tiki. Papai tuliipa komwe tatu, na ilipotoka ipapa alianza kuwatafuta wenzake awaeleze kwamba ndani ya papai mna papa.

Samaki ndiyo iliyonionesha tatizo. Bila komwe alisema masaki, akarudia, akasema tena masaki. Sauti zote zilikuwepo, mpangilio ndio uliovurugika. Kwa komwe tatu alipata kisama mara ya kwanza. Tofauti hiyo kati ya jaribio la mdomo mtupu na jaribio la komwe ni muhimu kwa mzazi anayetaka kujua mtoto wake amekwama wapi. Akifanikiwa na komwe lakini akashindwa bila komwe, anaweza kulikata neno ila anashindwa kuvishika vipande. Akishindwa hata kwa komwe, akaweka mbili mahali pa tatu, basi ni ukataji wenyewe haujakaa sawa, na arudishwe kwenye maneno mafupi bila kuambiwa kwamba amerudishwa.

Mbuzi ilikuwa hadithi nyingine. Aliweka komwe mbili, sawasawa kabisa, akazigeuza, akasema zibu. Mimi sikumwambia amekosea. Nilimwomba aweke kidole ubavuni mwa pua na kusema mbuzi, kisha aseme buzi. Katika mbuzi pua hutetemeka kabla ya midomo kufunguka, na katika buzi huo mtetemo wa puani haupo. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa aliona ni uchawi. Kisha akasema zimbu. Hapo Kinyume kina faida ambayo sikuwahi kuifikiria: kinaipeleka mb katikati ya neno, nyuma ya irabu, na sauti ya puani iliyo nyuma ya irabu husikika kwa urahisi zaidi kuliko ile inayoanzisha neno. Ndege ikawa gende, ngoma ikawa mango. Kila mara ile sauti iliyokuwa inamezwa mlangoni ilijitokeza ndani ya nyumba.

Mzazi anayetaka kujaribu lazima ajihadhari na m, maana si zote zinapewa komwe. Katika mbuzi, m imeungana na b na haina pigo lake, hivyo komwe ni mbili. Katika mkate, m inasimama peke yake kama silabi, hivyo komwe ni tatu, na Kinyume chake ni temka. Mtu ni komwe mbili, na ukiigeuza unapata tum, neno ambalo mpwa wangu alilikataa kwa siku kadhaa akidai kwamba halimaliziki. Kuna maneno yanayowasumbua hata walimu: mbaya ya mtu mbaya ina silabi tatu, kwa sababu m yake ni kiambishi cha mtu, ilhali mbaya ya nyumba mbaya ina mbili, nayo yanaandikwa sawa. Maneno ya namna hiyo yaachwe kabisa mwanzoni. Tena kwa sisi wa Pemba liko jambo la lahaja. Mtoto wa shamba anayesema ntu na nkate hajakosea kusikia; anasema kama mama yake anavyosema. Ukimsahihisha hapo unamfundisha kwamba masikio yake hayaaminiki, wakati yamefanya kazi yao vizuri. Mwache aweke komwe zake kwa ntu, idadi ni ile ile.

Jambo jingine la tahadhari nililijua kwa aibu. Nilitaja nazi bila kufikiri, naye akaigeuza kwa sauti ya juu mbele ya bibi yake. Asiyeelewa aigeuze mwenyewe, taratibu, peke yake. Tangu hapo maneno yangu huyajaribu kabla sijayatoa.

Bibi yake alikuwa na pingamizi nyingine, iliyokuwa ya maana zaidi. Usiku mmoja aliniita pembeni.

"Mwanangu, mtoto huyu herufi anazigeuza tangu hapo. Sasa wewe unamfunza kugeuza na maneno?"

Hofu hiyo ina mantiki kwa anayeamini kwamba disleksia ni kuona mambo kinyumenyume. Nilimweleza kwamba kinachogeuzwa hapa ni sauti, na kwamba anayeweza kulivunja neno na kulijenga upande wa pili ni yule anayejua limejengwa kwa vipande gani. Hata hivyo nilichukua sehemu ya hofu yake na kuifanya kanuni: maneno yasiyo na maana, kama kisama na bukita, hubaki mdomoni na kwenye komwe tu. Hatuyaandiki kamwe. Mtoto ambaye picha ya neno samaki bado haijatulia kichwani hana haja ya kuliona kisama limeandikwa kwa wino.

Kanuni hiyo ingetufungia mlango wa herufi, na mlango huo hauwezi kubaki umefungwa, kwa kuwa michezo ya sauti husaidia usomaji zaidi pale inapounganishwa na herufi zenyewe. Mtoto anaweza kuwa bingwa wa Kinyume cha mdomo na bado akasoma kwa kuburura. Njia tuliyoipata ni maneno ambayo ukiyageuza yanazaa neno jingine la kweli. Lima inakuwa mali. Kata inakuwa taka. Fika inakuwa kafi, kitu ambacho mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa. Kila inakuwa laki, na sana inakuwa nasa. Katika hesabu pekee kuna matatu: tatu ni tuta, sita ni tasi, nane ni nena. Nilikata vipande vya katoni vya ukubwa wa kiganja cha mtoto, nikaandika silabi moja kwa kila kipande kwa herufi ndogo, si kubwa, zilizokuzwa na kuachana, na siku ya kwanza nikampa vipande viwili tu, li na ma. Alivisoma lima, akavibadilisha nafasi, akasoma mali, na sikulazimika kumwambia kama ni sahihi, kwa sababu neno lenyewe lilimwambia. Mtoto aliyezoea kuangalia uso wa mwalimu ili ajue kama amekosea anapumzika anapopata mchezo ambao jibu lake lina maana au halina.

Silabi zilipotulia tulishuka hadi sauti moja moja, na hapa komwe hazikutosha tena. Mchezo ulikuwa wa kubadilisha herufi moja tu na kupata neno jipya: kata, pata, pita, vita, viti, kiti. Huu ni mgumu kuliko Kinyume, maana silabi ya Kiswahili ina mlio wake unaojitenga wenyewe, wakati p na v ndani ya pita na vita zinapaswa kuchokolewa. Tulikwama kwa muda mrefu kati ya pita na vita. Suluhisho halikuwa kurudia kwa sauti zaidi, bali kumwomba aweke kiganja mbele ya mdomo, kwani p hurusha pumzi mara moja na kukatika, na v hutiririka huku mdomo wa chini ukiwasha kidogo.

Mlima wa mwisho ni urefu wa maneno, na huo ni wa Kiswahili hasa. Mtoto mwenye disleksia anayesoma hakumwona hutamka hakuona. Alimpigia inakuwa alipiga. Anakamata mwanzo na mwisho, vilivyo katikati vinaanguka, na maana inaanguka navyo bila yeye kujua. Kwa hili tuliandika viambishi kwenye vipande vya katoni, a, ni, tu, wa, na, li, ta, pamoja na mashina machache kama pika, leta na tapika. Kila mmoja anabadilisha kipande kimoja na kusema kilichotokea. Alipopata atapika, halafu kwa kubadilisha vipande akapata anatapika, alielewa kwamba silabi moja iliyo katikati inaweza kumtoa mpishi jikoni na kumlaza kitandani. Siku hiyo alisoma katikati ya kila neno bila kuhimizwa, akitafuta ajali nyingine.

Kuhusu muda, dakika kumi zinatosha, nasi huacha wakati bado anataka. Katika kila mzunguko yeye hunipa neno na mimi nageuza, na sijifanyi kukosea, maana watoto wa umri huu hutambua uongo huo mara moja. Hakuna haja, kwani maneno ya silabi nne kama karafuu hunichanganya kweli nikiwa nimechoka. Wenzake hawaruhusiwi kumjibia. Mtu anayerukia jibu kwa nia njema ndiye anayeharibu mchezo huu kuliko hata anayecheka. Ninaweka daftari, lakini ni langu, naliandika baada ya yeye kulala, na ndani yake sina alama, nina makosa yenyewe. Masaki ya mwezi wa kwanza na zibu ya mwezi huo huo ni makosa ya aina mbili, na kubadilika kwa aina ya makosa ndiko kunakonionesha kama tunasogea. Siku alipoandika mubuzi badala ya buzi nilifurahi, ingawa mwalimu wake aliikata kwa wino mwekundu kama ile ya kwanza. Buzi ilikuwa sauti isiyosikika. Mubuzi ni sauti iliyosikika ikapewa irabu isiyokuwa yake.

Mchezo huu hauiondoi disleksia, na haufai kupewa kazi isiyo yake. Kabla ya yote mtoto anapaswa kupimwa masikio na macho hospitalini, kwa kuwa asiyesikia vizuri naye huandika buzi, na komwe hazitamsaidia. Kwa maneno ya Kiingereza Kinyume hakifai, kwa sababu silabi zake hazijakatika kama zetu na herufi zake hazifuati sauti. Darasani bado anahitaji kusomewa maswali au kuongezewa muda, na hilo tumeliomba kwa mdomo na kwa barua. Kasi yake ya kusoma imepanda kidogo tu. Ukurasa ambao wenzake humaliza upesi yeye bado unamchosha.

Lakini sasa akifika kwenye neno linaloanza na mb au nd husimama kidogo, na kidole hupanda kwenye pua. Wenzake wawili wameanza kumwiga bila kujua sababu. Juzi usiku, karafuu zikiwa zimebaki kidogo kwenye jamvi, alimgeukia bibi yake na kumtegea neno la Kinyume alilolitunga peke yake, la silabi nne, bila komwe. Bibi alishindwa. Aliomba apewe komwe.